Kichocho cha tumbo na ini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sikojoi damu. Inakuwaje niambiwe nina kichocho?

Vichocho viko vya aina zaidi ya moja. Kile ambacho wengi wetu tulifundishwa shuleni hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na ishara yake kubwa ni mkojo wenye damu. Kichocho kinachozungumziwa hapa huletwa na mnyoo mwingine wa ukoo huohuo, kitaalamu skistosoma mansoni, ambaye hukaa kwenye mishipa midogo ya damu inayozunguka utumbo. Mayai yake hutoka kwa choo kikubwa. Ndiyo maana mtu anaweza kupimwa mkojo kwa hadubini mara tatu, akaambiwa yuko salama, na huku anaumwa.

Njia ya kuambukizwa ni ileile. Kimelea kichanga hutoka kwa konokono wa maji baridi, hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, kisha husafiri na damu kupitia mapafu hadi kwenye ini. Huko ndiko hukua, dume na jike wakapatana na kushikana. Wakishashikana huondoka pamoja, wakipanda kinyume cha mkondo wa damu hadi kwenye mishipa ya utumbo, na jike huanza kutaga. Tangu siku ya kuingia majini hadi mayai ya kwanza kuonekana chooni hupita kama wiki 5 hadi 7.

Kama minyoo wako kwenye utumbo, ini linaugua kwa nini?

Ugonjwa wote umejificha katika swali hili, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Minyoo wakubwa hawana madhara makubwa. Wanaweza kukaa mwilini miaka mingi bila mwenye mwili kujua. Kinachoumiza ni mayai. Jike mmoja hutaga mayai 100 hadi 300 kwa siku, na huyataga ndani ya mshipa wa damu. Yai likitaka kutoka nje ya mwili, lazima lipenye ukuta wa mshipa, lipenye nyama ya utumbo, ndipo liangukie kwenye choo. Karibu nusu hufanikiwa. Nusu nyingine hupotea njia.

Baadhi ya yaliyopotea hunasa kwenye ukuta wa utumbo wenyewe. Mengine huchukuliwa na mkondo wa damu. Sasa, damu inayotoka kwenye utumbo hairudi moja kwa moja kwenye moyo. Hukusanywa kwenye mshipa mmoja mkuu unaoipeleka kwanza kwenye ini, ambako mshipa huo hugawanyika matawi, na matawi vitawi, hadi vijishipa vyembamba mno. Yai la kichocho lina urefu wa karibu sehemu moja ya saba ya milimita. Kwa macho huwezi kuliona, lakini kwa vijishipa hivyo ni gogo lililokwama mtoni.

Mwili ukilihisi yai lililokwama hulizingira kwa chembe za kinga na kutengeneza kinundu kidogo. Yai lenyewe hufa baada ya wiki tatu hivi. Kinundu hunywea, na mahali pake hubaki kovu. Kovu moja si kitu. Lakini minyoo huishi kwa kawaida miaka 3 hadi 10, wengine zaidi sana, na kila siku mayai mapya hufika palepale, kandokando ya matawi ya mshipa ule mkuu. Makovu yakiungana, kila tawi huvikwa ala nene ya kovu. Mwaka 1904, nchini Misri, daktari Symmers alikata maini ya watu waliokufa na kuona vijibomba vyeupe vikipita katikati ya nyama ya kawaida. Akavifananisha na mashina ya viko vya udongo, na hadi leo madaktari wanalitumia jina hilo.

Ukiielewa picha hiyo ya mabomba meupe ndani ya nyama nzima, utauelewa ugonjwa uliobaki. Nyama ya ini haijaharibika sana, kwa kuwa ina mshipa mwingine unaoilisha damu kutoka moyoni. Kilichoharibika ni njia ya damu inayotoka utumboni. Damu hiyo ikikosa pa kupita, shinikizo hupanda nyuma ya ini. Bandama, ambalo wengine huliita wengu, hujaa damu na kuvimba. Damu nayo hujitafutia njia za pembeni, na njia mojawapo ni mishipa midogo iliyo chini ya umio, pale koo la chakula linapoungana na tumbo. Mishipa hiyo haikuumbwa kubeba mzigo huo. Hutanuka, kuta zake huwa nyembamba, na siku moja mmoja wao hupasuka.

Dalili zake ni zipi?

Inategemea mayai yamenasa wapi na kwa muda gani. Kwenye utumbo, mtu hupata maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, choo laini au kuharisha kwa vipindi, mara nyingine damu au kamasi kwenye choo, na haja inayomkimbiza chooni bila kutoa kitu cha maana. Damu ikipotea kidogo kidogo kila siku huleta upungufu wa damu: uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio akipanda mlima. Mtoto hupungua kukua na huonekana mzito darasani.

Tatizo ni kwamba hakuna hata dalili moja kati ya hizo iliyo ya kichocho peke yake. Amiba huleta damu chooni, na bawasiri pia. Watu wengi waliozaliwa karibu na maji yenye maambukizi wamezoea tumbo la namna hiyo tangu utotoni, hata ukiwauliza kama wanaumwa watakwambia hapana. Mimi huuliza kwa njia nyingine: choo chako cha wiki iliyopita kilikuwaje? Majibu hubadilika.

Ini likishaingiliwa, dalili huwa chache na huja kwa kuchelewa. Mtu huhisi uzito chini ya mbavu za kushoto, ambako bandama limevimba, au hushiba haraka baada ya kula kidogo. Macho hayawi manjano. Tumbo halijai maji mapema. Hutokea mtu akajiona mzima kabisa hadi asubuhi anayotapika damu nyingi, nyekundu au yenye mabonge, au kupata choo cheusi kinachonata kama lami. Hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo. Usingoje kuona kama itaacha yenyewe, na usimpe mgonjwa dawa ya maumivu kama aspirini au ibuprofeni, kwa sababu huzidisha kutoka damu.

Ishara moja nyingine, ya nadra, haipaswi kupuuzwa. Miguu kulegea au kufa ganzi, pamoja na mkojo kugoma au kutoka bila hiari, kwa mtu aliyeingia kwenye maji yenye maambukizi. Mayai yanaweza kufika kwenye uti wa mgongo, na huko kila siku ya kuchelewa ina gharama.

Nilipata homa kali wiki chache baada ya kuogelea ziwani. Inahusiana?

Huenda. Wiki 2 hadi 8 baada ya kuambukizwa, hasa kwa mtu ambaye ni mara yake ya kwanza, mwili unaweza kushtuka na kuleta homa, kikohozi, vipele vinavyowasha na maumivu ya tumbo. Hudhaniwa kuwa malaria au homa ya matumbo. Wakati huo choo kinaweza kuwa hakina yai hata moja, kwa kuwa minyoo bado ni wachanga. Mwambie daktari tarehe uliyoingia majini. Tarehe hiyo itamsaidia kuliko kipimo cha siku hiyo.

Hupimwaje?

Kipimo cha msingi ni choo chini ya hadubini. Njia inayotumika zaidi inaitwa Kato-Katz. Choo huchujwa kwenye wavu mwembamba, hujazwa kwenye kitobo cha kiolezo kinachochukua miligramu 41.7, kisha hubandikwa kwenye kioo na kufunikwa kwa karatasi laini ya selofeni iliyolowekwa gliserini. Mpimaji huhesabu mayai yote anayoyaona. Yai la mnyoo huyu halikosewi: lina umbo la duaradufu na mwiba mmoja mkubwa ubavuni. Idadi huzidishwa kwa 24 ili kupata mayai kwa kila gramu ya choo. Chini ya 100 huitwa maambukizi mepesi, 100 hadi 399 ya wastani, na 400 au zaidi mazito.

Udhaifu wake utauona ukikumbuka ukubwa wa kipande kilichopimwa. Miligramu 41.7 ni chembe tu ya choo cha siku nzima, na mayai hayajasambaa sawasawa ndani yake, wala hayatoki kwa idadi ileile kila siku. Mtu mwenye minyoo wachache anaweza kutoa kioo kisicho na yai leo na chenye mayai matatu kesho. Kwa hiyo jibu la "hakuna mayai" kutoka kwenye kioo kimoja lina maana ndogo sana. Omba choo cha siku tatu tofauti, vioo viwili kwa kila siku.

Kuna pia kipimo cha mkojo kinachoitwa CCA, cha kijiti kama kile cha ujauzito. Hapa mkojo hautafutwi mayai. Kinatafutwa kitu ambacho minyoo hai hukitapika kwenye damu, nacho huchujwa na figo. Kinanasa maambukizi mengi ambayo hadubini huyakosa, ila mstari uliofifia mno huwa mgumu kuuamini.

Kipimo cha damu cha kingamwili kina kazi yake, hasa kwa msafiri aliyeingia majini mara moja na hajawahi kuishi kwenye maambukizi. Kwa mtu aliyekulia huko hakisaidii sana, kwa sababu kingamwili hubaki kwenye damu miaka mingi baada ya minyoo kufa.

Choo hakina mayai mengi. Si inamaanisha ini langu liko salama?

Hapana. Hesabu ya mayai huonyesha minyoo waliopo leo. Makovu ya ini huonyesha miaka iliyopita. Mtoto wa miaka 12 anaweza kuwa na mayai 600 kwa gramu na ini ambalo bado halijashika makovu, ilhali mama yake ana mayai 20 na ini lililokwisha kuvikwa mabomba. Minyoo wengi walikwisha kufa wenyewe, mwili wake umejenga kinga kiasi, na ukuta wa utumbo wenye makovu hauruhusu mayai kutoka kwa urahisi. Mtu mwenye VVU ambaye kinga imeshuka naye anaweza kutoa mayai machache, kwa kuwa yai linahitaji msukumo wa chembe za kinga za mwili ili lipenye utumbo.

Ili kulijua ini, unahitaji altrasaundi. Mpimaji hutafuta kuta nene zinazong'aa kandokando ya matawi ya mshipa mkuu, hupima upana wa mshipa wenyewe, na urefu wa bandama. Haiumi, haikati ngozi. Ugumu ni kwamba kovu changa sana halionekani, na mpimaji asiyeifahamu picha hii anaweza kuandika "sirosisi", yaani ini lililoharibika lote kwa makovu, na kumpeleka mgonjwa njia nyingine kabisa.

Unaweza kunionyesha jinsi vipimo hivi vinavyosomwa pamoja?

Tuchukue mfano. Si mtu mmoja halisi. Nimeutunga kutokana na mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wa namna hii. Mwanamke wa miaka 36, kilo 54, aliyekulia kando ya ziwa na kuchota maji humo tangu utotoni. Anakuja akilalamika kuchoka na uzito upande wa kushoto wa tumbo. Miezi mitatu iliyopita alipata choo cheusi kwa siku mbili, kikaacha. Alipewa dawa za vidonda vya tumbo. Hanywi pombe.

Anaposhikwa tumbo, bandama linafika karibu na kitovu. Macho ni meupe. Damu ni 8.1, imepungua. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ni 88,000, wakati mtu mzima huwa na angalau 150,000. Hapa mtu anaweza kushtuka na kufikiria saratani ya damu, lakini bandama kubwa hulimbikiza chembe hizo na kuzipunguza kwenye mzunguko. Vipimo vya kazi ya ini ni vya kawaida, na damu yake inaganda kwa muda wake. Homa ya ini B na C, hana.

Tazama mambo haya yanavyopingana. Shinikizo lililopanda nyuma ya ini ni kubwa, bandama limevimba, amewahi kutoka damu, na bado ini linafanya kazi yake. Mwenye sirosisi ya pombe au ya homa ya ini angekuwa tayari na dalili za ini lililoshindwa. Pengo hilo, kati ya bandama baya na ini zuri, ndilo linalomfanya tabibu aliyezoea aseme kichocho kabla hajaona choo.

Siku ya kwanza, vioo viwili: hakuna yai. Siku ya pili: mayai 2 kwenye kioo kimoja, kingine hakuna. Siku ya tatu: yai 1 na mayai 3. Jumla mayai 6 kwenye vioo 6, wastani 1, mara 24 ni mayai 24 kwa gramu. Maambukizi mepesi, kwa mujibu wa viwango tulivyoviona. Kama angepimwa siku ya kwanza tu angerudishwa nyumbani na dawa za vidonda. Altrasaundi inaonyesha mabomba meupe, mshipa mkuu wenye milimita 15, na bandama la sentimita 18, ambalo kwa kawaida halizidi 12 hivi. Kamera iliyopitishwa kooni inakuta mishipa minene kwenye umio, na mmoja una alama nyekundu ya pale ulipovuja.

Mishipa hiyo inafungwa kwa mipira midogo kupitia kamera hiyohiyo, na anaanzishiwa propranololi ya kupunguza shinikizo, kwa kuwa hana pumu, pamoja na madini ya chuma. Kisha anapewa prazikwanteli, dawa ya kuua minyoo wa kichocho. Kilo 54 mara miligramu 40 kwa kila kilo ni 2,160. Kidonge kimoja ni miligramu 600, kwa hiyo anameza vidonge vitatu na nusu, yaani 2,100, kwa siku moja, baada ya kula.

Kama makovu yamekwisha kuwepo, dawa ya nini?

Swali la haki, na mgonjwa wetu angeliuliza. Prazikwanteli haiyeyushi kovu, wala haigusi mayai yaliyokwisha kunasa. Inaua minyoo wakubwa. Wakifa, utagaji hukoma. Mayai ya mwisho hufa ndani ya wiki chache, na tangu hapo hakuna kinundu kipya kinachoanza. Yule mama ana minyoo wachache, lakini tuseme ni majike 5 tu, kila mmoja akitaga 200: ni mayai 1,000 kwa siku, na takriban 500 kati yake hayatoki. Kwa mwaka ni zaidi ya 180,000 kwenye utumbo na ini ambalo tayari halina nafasi.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kovu lenyewe si jiwe. Mwili huwa unalijenga na kulibomoa kila siku, ila mayai mapya huufanya ujenzi ushinde. Ukiondoa mayai, ubomoaji hupata nafasi. Kwa watoto na vijana, altrasaundi za baada ya tiba huonyesha kuta zikipungua unene na bandama likirudi nyuma, katika miezi na miaka. Kwa mtu kama mgonjwa wetu, mwenye mabomba yaliyokomaa, sitamwahidi hivyo. Anaweza kupata nafuu kidogo, au akabaki alipo, na kwake kubaki alipo ni faida kubwa. Mishipa ya umio itahitaji kuangaliwa kwa kamera tena na tena, hata choo kikisafika.

Na mimi nisiye na dalili yoyote, nitibiwe kwa nini?

Kwa sababu hiyohiyo, na kwako wewe faida ni kubwa zaidi. Kati ya walioambukizwa, ni sehemu ndogo tu watakaofikia ini la mabomba, na kwa kawaida huchukua miaka 5 hadi 15 au zaidi. Hakuna kipimo kinachoweza kumwambia mtu leo kama yeye ni mmoja wao. Ukingoja dalili za ini, umengoja kovu. Dawa ya kuua minyoo ipo, ya kuondoa kovu lililokomaa hakuna.

Kwa misingi hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, linashauri kuwa pale ambapo angalau mtu 1 kati ya 10 ameambukizwa, jamii nzima kuanzia umri wa miaka 2 ipewe prazikwanteli kila mwaka bila kumpima mmoja mmoja. Watu hulalamika kwamba wanamezeshwa dawa bila kupimwa. Malalamiko hayo nayaelewa. Lakini umeona jinsi kioo kimoja cha choo kinavyoweza kumpita mgonjwa, na dawa yenyewe ina usalama wa kutosha kwa asiye na minyoo kuimeza bila hasara kubwa.

Dawa yenyewe inamezwaje, na itanifanya nini?

Kiwango cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, mara moja. Meza baada ya chakula, kwa kuwa chakula huisaidia kuingia kwenye damu na hupunguza kichefuchefu. Usitafune, ni chungu kupita maelezo na wengi huitapika kwa sababu hiyo.

Ndani ya saa chache unaweza kuumwa tumbo, kichwa, kupata kizunguzungu au mwasho. Mwenye minyoo wengi anaweza kuharisha, hata kwa damu kidogo. Wengi hudhani dawa ni mbaya au imewadhuru. Kwa sehemu kubwa ni minyoo wanaokufa na mwili ukiitikia. Kwa hiyo aliyeumwa zaidi mara nyingi ndiye aliyekuwa na minyoo zaidi. Hupita ndani ya siku moja. Siku hiyo usiendeshe gari.

Mweleze anayekupa dawa kama unatumia rifampisini ya kifua kikuu, kwa sababu hupunguza sana nguvu ya prazikwanteli. Mwambie pia kama una kifafa, au umewahi kuambiwa una minyoo ya nguruwe kwenye ubongo au jicho. Hapo dawa hii haimezwi bila daktari kukuangalia kwanza.

Nilimeza albendazoli miezi miwili iliyopita. Haitoshi?

Haitoshi. Albendazoli na mebendazoli huua minyoo waishio ndani ya utumbo, kama minyoo ya mviringo na safura. Mnyoo wa kichocho hayumo ndani ya utumbo, yumo ndani ya damu, na dawa hizo hazimuui.

Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo je?

Mjamzito aliyevuka miezi mitatu ya kwanza hutibiwa, na anayenyonyesha pia. Kumwacha hadi ajifungue na kuachisha ziwa ni kumwachia mayai ya miaka miwili au mitatu. Kwa watoto wadogo, tatizo lilikuwa ukubwa wa kidonge na uchungu wake. Sasa kuna aina ya miligramu 150 inayoyeyuka kwenye maji, iliyotengenezwa kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6, na Desemba 2023 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitoa maoni ya kuiunga mkono. Isipokuwepo, kidonge cha kawaida hupondwa na kuchanganywa na kitu kitamu.

Nitajuaje kama nimepona?

Pima choo tena wiki 4 hadi 6 baada ya dawa. Mapema zaidi ya hapo unaweza kuona mayai yaliyokufa yakiwa bado yanatoka, ukadhani dawa imeshindwa. Kingamwili usizitumie kupima kupona, zitabaki.

Mayai yakionekana wakati huo, kuna mambo matatu ya kufikiria. Kwanza, dozi huenda ilikuwa ndogo au ilitapikwa. Pili, na hili hutokea sana, huenda ulikuwa na minyoo wachanga siku ulipomeza. Prazikwanteli ina nguvu kwa minyoo wakubwa, lakini wenye umri wa wiki mbili tatu hunusurika, hukua, na kuanza kutaga wakati wewe umeshajihesabu umepona. Ndiyo maana aliyeingia majini karibuni hushauriwa kumeza dozi ya pili baada ya wiki 6 hadi 8. Tatu, huenda umerudi kwenye maji yaleyale. Dawa haiachi kinga nyuma yake, na mguu unaoingia majini kesho unaweza kuokota vimelea vipya.

Kwa mgonjwa wetu wa mfano, choo cha wiki ya sita kilipimwa kwa vioo sita tena, na hakikuwa na yai. Baada ya mwaka, bandama lilikuwa sentimita 16 na chembe sahani 104,000. Mabomba meupe yalikuwa palepale. Mishipa miwili ya umio ilifungwa upya, na tarehe ya kamera inayofuata ikaandikwa kwenye kadi yake pamoja na tarehe ya prazikwanteli ya mwaka unaokuja, kwa sababu bado anachota maji ziwani.